Alama za Muhula Zikiwekewa Kikomo: Jinsi ya Kujua Mtihani Unakudai Ngapi

Mpwa wangu alinijia nyumbani mtaani Umoja Jumamosi moja jioni akiwa na karatasi mbili: muhtasari wa kozi yake ya takwimu, na ukurasa wa daftari alioandika alama zote alizopata tangu muhula uanze. Alikuwa na alama 25, jaribio moja lilikuwa limebaki, na swali lake lilikuwa fupi. "Mjomba, nikitaka B, mtihani wa mwisho unanidai ngapi?"

Nilisoma muhtasari hadi chini. Kulikuwa na mstari mmoja ambao yeye alikuwa ameupita haraka: jumla ya alama za muhula haitazidi 30. Nikamwambia siwezi kumjibu bado, kwa sababu mstari ule unaweza kusomwa kwa njia mbili, na majibu yake yanaweza kutofautiana kwa alama saba na nusu. Hiyo inazidi theluthi ya swali zima la mtihani lenye alama 20.

Mimi najua uzito wa mstari huo kwa sababu uliwahi kunigharimu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikusanya alama 36 za muhula kwenye yuniti moja. Nilitaka B, yaani 60, nikatoa 36 kwenye 60, nikaona ninahitaji 24 tu kutoka kwenye mtihani. Nikaacha mada mbili nzima bila kuzisoma, nikiamini nimebaki na nafasi ya kutosha. Kwenye mtihani nilipata 27, zaidi ya nilizohitaji kwa hesabu yangu. Orodha ilipobandikwa kwenye kioo cha ofisi ya idara, safu ya kazi za muhula ilisoma 30, ya mtihani 27, na jumla 57. Hiyo ni C. Zile alama sita za juu hazikuhesabiwa popote, na hakuna aliyekosea ila mimi, kwa kuwa kikomo kilikuwa kimeandikwa tangu wiki ya kwanza.

Basi nimeandika hapa hatua zile zile nilizompitisha mpwa wangu mezani siku ile. Zinamfaa mwanafunzi wa chuo chochote chenye kazi za muhula na mtihani. Nambari ninazotumia ni za mgawanyo ulioenea kwenye vyuo vikuu vya Kenya: kazi za muhula 30, mtihani 70, kufaulu kwa 40, halafu C kuanzia 50, B kuanzia 60 na A kuanzia 70. Chuo chako kikiwa na nambari nyingine, badilisha nambari tu. Hesabu yenyewe haibadiliki.

Hatua ya kwanza: jumlisha alama za juu zaidi zinazotolewa

Kabla ya kuangalia umepata ngapi, angalia ni ngapi zinazotolewa. Chukua muhtasari wa kozi, orodhesha kila kazi na alama yake ya juu kabisa, kisha ujumlishe. Kwa mpwa wangu hesabu ilikuwa hivi: mazoezi manane ya kila wiki yenye alama 2 kila moja, hizo ni 16. Majaribio mawili ya darasani yenye alama 10 kila moja, hizo ni 20. Kazi ya kikundi, alama 8. Jumla ni 44.

Jumla ikitoka 30 kamili, kikomo hakina kazi yoyote kwako. Hakuna anayeweza kukivuka, kwa hiyo ruka hadi hatua ya tatu. Lakini jumla ikizidi 30 kama hapa, lazima kitu fulani kifanyike kwa zile 14 za ziada, na hapo ndipo pa kusimama na kuuliza.

Wahadhiri wengi hutoa ziada hii kwa nia njema. Mwanafunzi anayeishi Kahawa au Rongai anaweza kukwama barabarani siku ya mvua za Aprili akakosa jaribio. Mwingine stima inapotea au bando linaisha dakika kumi kabla ya muda wa kuwasilisha zoezi. Ukitoa alama 44 na kuhesabu 30 tu, mwanafunzi aliyekosa zoezi moja au mawili bado anaweza kufika juu kabisa. Hiyo ndiyo faida ya kikomo, lakini inapatikana kwenye aina moja tu ya kikomo kati ya mbili.

Hatua ya pili: jua kama kikomo kinakata au kinapunguza kwa uwiano

Kikomo kinachokata hufanya kazi kama ndoo ya lita 30. Unamimina, inajaa, na kinachozidi kinamwagika. Ukiwa na 22 unahesabiwa 22. Ukiwa na 29 unahesabiwa 29. Ukiwa na 33, 36 au 44 unahesabiwa 30. Alama yako haiguswi kabisa mpaka uvuke mstari.

Kikomo cha uwiano hakisubiri uvuke. Kinachukua zile 44 zote na kuzibana ziwe 30, kwa hiyo kila alama moja uliyopata darasani inakuwa 30 gawanya kwa 44, yaani takriban 0.68. Ukiwa na 22, ambayo ni nusu ya 44, unahesabiwa 15, ambayo ni nusu ya 30. Ukiwa na 33 unahesabiwa 22.5. Ili upate 30 kamili lazima uwe na 44 zote, pasipo kukosa hata moja.

Ona tofauti ilivyo kwa mtu mmoja. Mwanafunzi aliyefikisha 33 anapewa 30 chini ya kikomo kinachokata, na 22.5 chini ya uwiano. Kazi aliyofanya ni ile ile, wala hajakosea chochote zaidi, na bado amepishana na nafsi yake kwa alama saba na nusu kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani.

Mihutasari mingi haisemi ni ipi kati ya hizi mbili. Maneno "haitazidi 30" huelekea kwenye kukata, na maneno "itachangia 30" huelekea kwenye uwiano, lakini nimeona yote mawili yakitumiwa kwa maana yoyote. Usikisie. Kuna njia mbili za kujua kwa hakika.

Ya kwanza ni kuangalia alama zilizokwisha kutangazwa, kama mhadhiri ameshabandika za muhula uliopita au za kundi lililotangulia. Watu wa kuangalia si wale wa juu, ni wale wa katikati. Mtu mwenye alama ghafi 22 akiandikiwa 22, kikomo kinakata. Akiandikiwa 15, ni uwiano. Kwa wale wa juu unaweza kudanganyika, kwa sababu mtu mwenye 43 ataandikiwa 30 kwa njia ya kwanza na 29.3 kwa ya pili, na ikikaribishwa juu hutajua.

Ya pili ni kumuuliza mhadhiri, na hapa namna ya kuuliza ina maana kubwa. Ukiandika "Daktari, naomba kujua alama za muhula zinahesabiwaje", utajibiwa "nje ya 30", nawe utabaki pale pale. Mpe nambari mbili achague moja. Mpwa wangu alituma ujumbe huu:

"Habari za asubuhi Daktari. Naomba kuuliza kuhusu kikomo cha alama 30 za muhula kwenye kozi ya takwimu. Kazi zote zikijumlishwa zinafika 44. Mwanafunzi mwenye 33 kati ya 44, kwenye orodha ya mwisho ataandikiwa 30 au 22.5? Ahsante."

Swali la namna hiyo linajibiwa kwa neno moja, na ukishapata jibu liweke vizuri, maana ni maandishi.

Kuna jambo dogo la kuangalia ukiwa hapo. Baadhi ya kozi huwa na vikomo vya ndani pia, kwa mfano mazoezi ya wiki hayazidi 10 hata kama yanafika 16. Ukikutana na hicho, kata cha ndani kwanza, kisha jumlisha, kisha ndipo utumie kikomo kikubwa. Ukigeuza mpangilio huo utajihesabia alama ambazo hazipo.

Hatua ya tatu: tafuta pengo, kisha uligeuze kuwa alama za karatasi

Sasa hesabu ni ya kutoa tu. Chukua lengo lako, toa alama za muhula baada ya kikomo, na kinachobaki ndicho mtihani unachokudai kati ya 70.

Kosa kubwa hapa ni kuchanganya alama kati ya 70 na asilimia ya karatasi. Vyuo vingi vyetu vina karatasi yenye swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha unachagua mawili mengine ya alama 20 kila moja. Hizo ni 70 tayari, kwa hiyo alama unayopata kwenye karatasi inaingia ilivyo. Lakini kozi nyingine husahihisha karatasi kwa 100, halafu huizidisha kwa 0.7. Ukiwa kwenye kozi kama hiyo, pengo la alama 30 halimaanishi 30 kwenye karatasi. Ligawanye kwa 70 na uzidishe kwa 100, nalo linakuwa 42.9. Mwanafunzi anayejiandalia 30 kwenye karatasi ya 100 atajikuta na 21 tu kwenye jumla yake.

Kwa mwanafunzi mwenye alama ghafi 33 kati ya 44, hiki ndicho anachodaiwa na karatasi ya alama 70:

| Lengo | Kikomo kinakata (anahesabiwa 30) | Kikomo cha uwiano (anahesabiwa 22.5) |
|---|---|---|
| D, 40 | 10 | 17.5 |
| C, 50 | 20 | 27.5 |
| B, 60 | 30 | 37.5 |
| A, 70 | 40 | 47.5 |

Soma mstari wa B. Kwa njia ya kwanza mwanafunzi huyu anaweza kupata chini ya nusu ya karatasi na bado akapata B. Kwa njia ya pili anahitaji zaidi ya nusu. Ndiyo maana nilikataa kumjibu mpwa wangu kabla ya kujua.

Safu ya kukata ina jambo jingine ndani yake. Zile nambari 10, 20, 30 na 40 ndizo za chini kabisa ambazo mwanafunzi yeyote wa kozi hiyo anaweza kudaiwa. Hata aliyepata 44 zote hawezi kushuka chini ya 30 kwa ajili ya B. Mimi nilijiandalia 24, na 24 haikuwa njia ya B kwa mtu yeyote katika darasa lile. Ukikokotoa na kupata nambari iliyo chini ya lengo kutoa 30, umesahau kikomo mahali fulani.

Kama unapenda kufanya hesabu kwenye kompyuta au simu, fungua lahajedwali, weka alama zako ghafi kuanzia kisanduku B2 hadi B12, na lengo lako kwenye B14. Kisha kwenye B13 andika mstari wa kwanza hapa kama kikomo kinakata, au wa pili kama ni cha uwiano:

```
=MIN(30, SUM(B2:B12))
=SUM(B2:B12)*30/44
```

Na kwenye B15, alama unazodaiwa kati ya 70:

```
=B14-B13
```

Ile 44 kwenye mstari wa pili ni jumla ya kozi ya mpwa wangu. Weka ya kwako uliyoipata kwenye hatua ya kwanza.

Usikaribishe nambari njiani. Acha desimali zilivyo mpaka mwisho, na mwisho ukaribishe juu siku zote: 37.5 ni 38, na 37.1 pia ni 38. Ukikaribisha kila zoezi peke yake, makosa madogo hujikusanya, na mtu anayedhani ana 60 hujikuta na 59. Vyuo vingine hupandisha 59.5 iwe 60 na vingine havipandishi, kwa hiyo usipange maisha yako juu ya hiyo nusu.

Hatua ya nne: angalia kama mtihani una kiwango chake cha chini

Kozi nyingi, hasa zile za fani zenye mabaraza ya taaluma, huweka sharti la ziada: mwanafunzi lazima afikishe kiwango fulani kwenye mtihani wenyewe, bila kujali alama za muhula. Sababu inaonekana kwenye jedwali. Mtu mwenye 30 za muhula anahitaji alama 10 tu kati ya 70 ili afaulu, yaani asilimia 14 ya karatasi. Kama kikomo kingekuwa 40 badala ya 30, asingehitaji chochote; angeandika jina lake kwenye karatasi ya mtihani, akatoka, na akawa amefaulu. Idara zinazotoa uzito mkubwa kwa kazi za muhula hulazimika kuziba mwanya huo.

Tuseme sharti ni asilimia 40 ya karatasi. Kwa karatasi ya 70, hizo ni alama 28. Sasa una nambari mbili: pengo lako na hiyo 28. Unadaiwa ile iliyo kubwa zaidi.

Rudi kwenye jedwali ukiwa na 28 mkononi. Kwenye safu ya kukata, mistari ya D na C inakufa yote, kwa sababu 10 na 20 ziko chini ya 28. Mwanafunzi huyu akifikisha 28 anapata jumla ya 58, ambayo tayari ni C ya juu. Akipata 27, jumla yake ni 57, lakini anarudi kufanya sapu. Kwake yeye hakuna D. Kuna C ya juu au kuna kurudia, na umbali kati ya hayo mawili ni alama moja ya karatasi. Nimekutana na wanafunzi wenye kazi za muhula nzuri sana waliokaa bila wasiwasi kwa sababu walishahesabu kwamba wamefaulu, kisha wakashangaa kuona jina lao kwenye orodha ya sapu huku wenzao wenye 12 za muhula wamepita. Aliyekuwa na 12 alijua anadaiwa 28, akazisoma.

Sharti hili mara nyingi haliko kwenye muhtasari wa kozi. Liko kwenye kanuni za mitihani za kitivo, kile kijitabu ambacho hutolewa siku ya kusajiliwa na kuwekwa chini ya godoro. Kitafute.

Hatua ya tano: amua pa kuweka saa zako

Hapa kikomo kinabadilisha kitu ambacho wanafunzi wengi hawakifikirii, nacho ni thamani ya kazi iliyobaki.

Mpwa wangu alikuwa na 25 na jaribio la pili lenye alama 10 mbele yake. Kama kikomo kinakata, alama tano za kwanza za jaribio lile zingeingia zote, moja kwa moja, mpaka ndoo ijae. Alama ya sita hadi ya kumi zingemwagika. Kwa hiyo jaribio la alama 10 kwake yeye ni jaribio la alama 5, na kukesha usiku mzima ili atoke 6 hadi 9 kungekuwa kukesha kwa ajili ya sifuri. Saa zile zingemfaa zaidi kwenye mada za mtihani, ambako kila alama ya karatasi inaingia nzima. Hata hivyo, ningemwambia alenge 7 au 8, si 5 kamili, kwa sababu alama ya kazi ya kikundi inaweza kurekebishwa na zoezi moja linaweza kupotea kwenye mfumo. Mtu aliyefika 30 juu juu hushuka kwa kosa dogo la karani.

Kama kikomo ni cha uwiano, hakuna kinachomwagika. Kila alama ya jaribio ina thamani ya 0.68, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi. Jaribio zima lina thamani ya 6.8 kwenye jumla yake, na kulikosa ni hasara ya kweli hata kwa mtu mwenye alama nyingi. Lile pumziko la mvua na stima halipo hapa. Mwanafunzi aliyekosa jaribio moja chini ya uwiano lazima aombe kulifanya tena, na aombe mapema akiwa na cheti cha hospitali au barua, kwa sababu hakuna zoezi jingine litakaloziba pengo lake.

Naona haya ndiyo yanayofanya kutangaza aina ya kikomo kuwa haki ya mwanafunzi. Anapanga wiki zake juu yake.

Kikomo kikishushwa katikati ya safari

Hutokea idara ikabadilisha mgawanyo: mwaka wa kwanza ulikuwa 40 kwa 60, mwaka wa pili unaambiwa ni 30 kwa 70. Vilio husikika mara moja kwamba kazi imekuwa ngumu. Kwa wengine ni kweli. Kwa wengine imekuwa rahisi, na ni vizuri ujue uko upande gani.

Chukua kikomo cha uwiano. Mwanafunzi anayepata asilimia 80 kwenye kazi za muhula anataka B. Chini ya mgawanyo wa zamani ana 32, anadaiwa 28 kati ya 60, sawa na asilimia 46.7 ya karatasi. Chini ya mpya ana 24, anadaiwa 36 kati ya 70, sawa na asilimia 51.4. Kwake mambo yamepanda.

Mwenzake anapata asilimia 50 kwenye kazi za muhula, naye anataka B. Zamani alikuwa na 20, akidaiwa 40 kati ya 60, yaani asilimia 66.7. Sasa ana 15, anadaiwa 45 kati ya 70, yaani asilimia 64.3. Kwake yameshuka.

Mpaka kati ya hao wawili ni lengo lenyewe. Asilimia yako ya muhula ikizidi lengo, kazi za muhula ndizo zinazokubeba, na kuzipunguzia uzito ni kukupunguzia msaada. Ikiwa chini ya lengo, zinakuvuta nyuma, na uzito wake ukipungua unavutwa kidogo. Aliye na 60 kamili na anataka 60 haguswi na badiliko hilo. Anadaiwa asilimia 60 ya karatasi kabla na baada.

Wazazi wenye watoto wa Gredi ya 9 wanaweza kutumia hesabu hiyo hiyo. Kwenye mpangilio wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 kwenye mtihani wenyewe. Mtoto anaingia kwenye mtihani akiwa na fungu lake la zile 40 tayari, na pengo lililobaki ndilo linalotafutwa kati ya 60.

Karatasi ya mpwa wangu

Jibu la mhadhiri lilikuja Jumatatu, neno moja: 22.5. Kikomo ni cha uwiano. Mpwa wangu alinipigia simu akiwa kwenye matatu, sauti imeshuka, kwa sababu yeye alikuwa ameomba moyoni kiwe cha kukata. Nikamwambia afadhali kujua wiki tano kabla.

Alilifanya jaribio la pili kwa bidii, akijua kwamba kila alama ina 0.68 yake, akapata 8. Jumla ghafi ikawa 33, ambayo ni 22.5. Kwenye kanuni za kitivo chake tulikuta sharti la asilimia 40 ya karatasi, yaani 28. Pengo lake la B ni 37.5, lililo kubwa kuliko 28, kwa hiyo ndilo linalotawala. Tukakaribisha juu: 38 kati ya 70.

Kisha tukaigawa hiyo 38 kwa maswali, maana mwanafunzi hasomi asilimia, anasoma mada. Swali la kwanza la lazima lina vipande vidogo kutoka kozi nzima, na kwenye karatasi za miaka iliyopita alikuwa akipata kati ya 16 na 20 kati ya 30. Tukaandika 18. Zimebaki 20 kwa maswali mawili, kumi kwa kila moja. Moja lina uhakika kuwa la uwezekano, mada anayoiweza, na hapo alijipa 13. Hilo lingine litatoka kwenye ulinganisho wa wastani au kwenye mstari wa rigresheni. Hapo anahitaji 7 tu kati ya 20, lakini ndiyo mada aliyokuwa akiikimbia tangu wiki ya sita.

Nilitaka awe na akiba ya alama tatu au nne juu ya 38, na nikamwonyesha pa kuzitoa: si kwenye uwezekano, ambako 13 kwenda 16 ni kupanda mlima, bali kwenye rigresheni, ambako 7 kwenda 11 ni kujua kuchora mstari, kukokotoa mteremko na kueleza maana yake kwa sentensi mbili. Ameandika nambari hizo tatu, 18, 13 na 11, kwenye jalada la ndani la daftari lake. Mtihani ni Jumanne, saa mbili asubuhi.